Kabla hujalipia kifurushi cha kutafsiri, ipime faharasa yake kwa sentensi moja

Nililipia kifurushi cha mwaka mzima cha programu ya kutafsiri kwa sababu ya ahadi moja iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye ukurasa wa bei: faharasa isiyo na kikomo, yaani orodha ya maneno unayoiamuru programu iyatafsiri vile unavyotaka wewe. Kazi yangu ni kutafsiri mikataba ya mikopo kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kwenye mikataba neno likibadilikabadilika mteja anarudisha kazi. Nikapakia faharasa yangu ya maneno 60, nikapakia mkataba wa kurasa 40, nikasubiri. Ukurasa wa kwanza tu nikakutana na hii: "Dhamana huu utarejeshwa kwa mkopaji."

Nikasogea mbele. Ukurasa wa tatu: "dhamana wote uliotolewa". Ukurasa wa saba: "dhamana wenyewe". Mkataba mzima ulikuwa hivyo.

Kilichotokea ni hiki. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa:

```
This security shall be returned to the borrower.
```

Programu ililitafsiri lile neno la pili kuwa "usalama", kama mashine nyingi zinavyofanya zisipoelewa kuwa linazungumzwa suala la mkopo, na ikajenga sentensi yote juu yake: usalama huu utarejeshwa. Baada ya hapo ndipo faharasa ikaingia, ikang'oa "usalama" na kupachika "dhamana", bila kugusa kitu kingine. Neno limetoka ngeli moja likaingia jingine la ngeli ya I-ZI, lakini kiashiria na kitenzi vimebaki vinamfuata aliyeondoka. Ilitakiwa iwe "Dhamana hii itarejeshwa."

Nilipowaandikia wauzaji, walinijibu kwamba faharasa imefanya kazi ipasavyo kwa kuwa neno langu limetumika. Fedha hazikurudi. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kasi wala ubora wa tafsiri kwa jumla. Hayo mtu anayaona mwenyewe kwa jaribio la dakika tano. Naanza na faharasa, kwa sababu kasoro hii haionekani mpaka umeshalipa, na kwa lugha yenye ngeli kama yetu inaharibu kazi kuliko kasoro nyingine yoyote.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tafuta neno moja ambalo programu hulitafsiri kwa neno la ngeli fulani, kisha liandikie kwenye faharasa neno la ngeli tofauti. Tunga sentensi yenye kiashiria, kivumishi na kitenzi, vyote vinavyolifuata neno hilo. Tafsiri bila faharasa, halafu tafsiri tena ukiwa umeiwasha. Kama viambishi havikubadilika pamoja na neno, ujue unachouziwa ni tafuta-na-badilisha, hata wakiiita jina gani. Fanya hivyo katika siku za majaribio, kabla ya kuweka namba ya kadi.

Wapo wanaodhani dawa ni kuingiza kifungu kizima, yaani waandike "dhamana hii" badala ya "dhamana". Nilijaribu. Nikapata "Dhamana hii utarejeshwa", kwa maana kitenzi kiko nje ya kifungu. Kilichonisaidia ni kuichambua faharasa yenyewe. Maneno kama mkopaji, mkopeshaji na mdhamini ni salama, kwa kuwa hata mashine ikichagua jina jingine la mtu, nalo litakuwa la ngeli ya A-WA na upatanisho utabaki sawa. Majina ya kampuni na bidhaa nayo kwa kawaida hayasumbui. Hatari iko kwa maneno yanayovuka ngeli. Katika maneno yangu 60 niliyakuta 19 ya namna hiyo; nimeyatoa kwenye faharasa na ninayarekebisha kwa mkono nikiwa napitia kazi.

Jambo la pili la faharasa ni wingi na herufi kubwa. Mikataba hupenda kuandika istilahi zilizofafanuliwa kwa herufi kubwa mwanzoni, na faharasa nyingi huyaona maneno yafuatayo kuwa ni vitu vinne tofauti:

```
borrower,mkopaji
borrowers,wakopaji
Borrower,Mkopaji
Borrowers,Wakopaji
```

Ukiweka mstari wa kwanza peke yake, usishangae faharasa kunyamaza kwenye mkataba mzima. Na kama kifurushi kinakuhesabia idadi ya maneno ya faharasa, maneno 60 yako tayari yanakaribia 240.

Sasa vifurushi vyenyewe. Ninayempa nafasi ya kwanza, na simfichi, ni Google Cloud Translation toleo la Advanced. Si kwa sababu ameliponya tatizo la ngeli. Usiweke matumaini hayo. Ni kwa sababu ukiomba tafsiri yenye faharasa anakurudishia matokeo mawili pamoja: yale ya kawaida chini ya `translations`, na yale yaliyopitiwa na faharasa chini ya `glossaryTranslations`. Yaweke ubavu kwa ubavu. Kila palipotofautiana ndipo faharasa ilipoingiza mkono, na ndipo pa kukagua upatanisho. Mkataba wa kurasa 40 uliokuwa ukinichukua siku nzima kuupitia, sasa naenda moja kwa moja kwenye sehemu zilizoguswa, kisha nasoma mengine kwa utulivu. Tena ana mpangilio unaoitwa `ignoreCase`, ambao unamaliza ile shida ya herufi kubwa, kwa hiyo mistari minne hapo juu inabaki miwili.

Kwa Google angalia usichanganye matoleo. Basic haina faharasa wala haitafsiri hati. Mtu anaweza kuunganisha programu yake ya kazi na Basic akalipa miezi kadhaa akidhani faharasa yake inasomwa. Herufi 500,000 za kwanza kila mwezi ni bure, baada ya hapo ni dola 20 kwa kila herufi milioni moja. Hati zinapopakiwa kama hati hulipiwa kwa ukurasa, senti 8 za dola kwa tafsiri ya kawaida. Mkataba wangu wa kurasa 40 ni dola 3 na senti 20. Ubaya wake ni kwamba utakaa mchana mzima ukifungua akaunti, mradi na hifadhi ya faili la faharasa kabla hujatafsiri hata neno moja. Ukishavuka hapo, basi.

Hapa pana hesabu ambayo wauzaji hawaisemi. Kurasa 40 za mkataba zikitumwa kama maandishi ni kama herufi 100,000 kwa makadirio yangu, na nafasi kati ya maneno nazo huhesabiwa. Ukirekebisha faharasa ukatafsiri tena, zinahesabiwa upya zote. Mimi hurudia mara tatu au nne mpaka faharasa itulie, maana yake mkataba mmoja unaweza kula hadi herufi 400,000. Kwa hiyo faharasa mbaya inakumaliza mara mbili: inaharibu kazi, na inakula kiwango chako cha mwezi. Siku hizi nafanyia marekebisho kurasa tano zenye istilahi nyingi, nikiridhika ndipo napakia mkataba wote.

Wa pili ni Microsoft, Azure Translator. Kifurushi cha bure kinatoa herufi milioni 2 kwa mwezi, na kwa anayeanza hilo ni pana sana. Kumbuka tu kwamba ukituma maandishi yatafsiriwe kwa lugha tatu, herufi zinazidishwa mara tatu. Kwenye upande wa kutafsiri hati anapokea aina nyingi za faili, zikiwemo `.odt` na `.xlf` tunazozitumia wafasiri. Nilichompendea ni ukweli: maelekezo yake yenyewe yanashauri kamusi ya ndani ya maandishi, ile unayoandika tafsiri ya neno ndani ya sentensi unayoituma, itumike kwa majina ya pekee na majina ya bidhaa. Angalau huyu amekuambia mapema.

DeepL ndiye anayetangaza faharasa inayobadilisha umbo la neno lifuate sarufi ya sentensi badala ya kupachika tu, na hilo ndilo hasa ninalolitaka. Lakini kabla hujalipa, usiishie kwenye orodha ya lugha anazotafsiri. Tafuta orodha ya lugha zinazokubali faharasa, halafu fanya kile kipimo cha sentensi moja. Jingine la kuangalia ni kwamba anayetumia DeepL API hutozwa si chini ya herufi 50,000 kwa kila faili la Word, PowerPoint, Excel au PDF, hata kama ni barua ya aya mbili. Ukiwa na kifurushi chake cha bure cha herufi 500,000, hati kumi fupi zimekimaliza. Barua fupi bora uzibandike kama maandishi.

Kwenye aina za faili sina mengi. Mwombe mteja `.docx`. Ukipakia PDF, mistari hukatwa katikati ya istilahi, na istilahi ya maneno mawili iliyokatwa faharasa haiitambui. Kwa PDF iliyopigwa picha ni vibaya zaidi.

Faragha ndiyo iliyonifanya nisivipe nafasi vifurushi vya bure vya kwenye tovuti. Septemba 2017, shirika la utangazaji la Norway, NRK, liliripoti kwamba maandishi ya kampuni ya mafuta ya Statoil, ambayo leo inaitwa Equinor, yalikuwa yakipatikana kwa kutafuta tu kwenye Google, baada ya kupitishwa Translate.com. Yalikuwemo hata mambo ya kuachishwa watu kazi na nywila. Mkataba wa mkopo una jina la mtu, kiasi anachodaiwa na nyumba aliyoiweka dhamana. Huo siubandiki mahali pa bure.

Tofauti iko kwenye masharti ya kila kifurushi, hata ndani ya kampuni moja. DeepL ya bure inaweza kutumia maandishi yako kufundishia mashine, ile ya Pro inayafuta baada ya kutafsiri. Google Translate ya kwenye tovuti na Google Cloud zina masharti tofauti. Ya Cloud inasema haitumii maandishi ya wateja kufundishia. Amazon Translate nimemweka mwisho kwa sababu hiyo hiyo: maandishi yako yanaweza kutumika kuboresha huduma mpaka wewe mwenyewe uwasilishe katazo kupitia mipangilio ya AWS Organizations. Mteja anayelipa hakupaswa kuombwa alinde mlango ambao muuzaji ndiye aliyeuacha wazi.

Na bei za mwaka mzima zinanikera bado. Kile kifurushi changu kilikuwa kinatoa punguzo kubwa kwa anayelipa miezi 12 mbele, huku siku za majaribio faharasa ikiwa imefungwa, isiweze kujaribiwa mpaka ulipe. Yaani kitu pekee nilichokinunulia ndicho nilichokatazwa kukiona. Ukikuta kifurushi cha namna hiyo, waandikie uwatumie sentensi yako ya kipimo pamoja na mistari miwili ya faharasa, waombe wakurudishie matokeo. Wasipoyatuma, lipa mwezi mmoja tu au waache.