Betri yao nzuri, fundi wao simpi tena gari yangu

Duka lenyewe silitaji. Mwenye duka ni mtu wa heshima zake, anakukaribisha vizuri na bei yake si ya kuumiza. Ugomvi wangu ni na fundi wake, yule anayekuja na pikipiki, betri ya kubustia kaifunga nyuma na waya kazitundika shingoni, ukipiga simu kwamba gari imegoma. Ukinunua betri kwao huduma hiyo hulipii kitu. Mimi nimeilipia, tena sana.

Gari yangu ni Raum ya siku nyingi. Betri ya kwanza ilikufa asubuhi moja najitayarisha kwenda skuli, na sikushangaa, ilikuwa imezeeka, hata kuwasha kwake kulikuwa kwa kujikongoja. Nikapiga simu, akaja haraka, hilo nampa. Kaja na sigara mdomoni. Kafungua boneti, kabana waya nyekundu huku na huku, kisha nyeusi kaibana moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi cha betri yangu iliyokufa. Cheche hizo! Nikarudi nyuma hatua mbili. Yeye anacheka.

Gari ikawaka. Ningemshukuru tukaachana pale, lakini akasema, "Bi mkubwa, ngoja nikuoneshe kama altaneta yako nzima." Altaneta ndiyo inayoichaji betri injini ikiwaka. Akashika spana, akalegeza kichwa cha hasi, akakichomoa, na injini inaunguruma. Taa za dashibodi zikamulika zote kwa pamoja, redio ikalia pah ikanyamaza. Injini haikuzima. "Umeona? Altaneta jiwe hiyo. Tatizo betri tu." Siku hiyo hiyo nikanunua mpya dukani kwao, akanifungia.

Tangu siku ile ndiyo nimejua mateso. Siku za kazi gari inawaka kila asubuhi, kwa uvivu kidogo lakini inawaka. Ikilala nyumbani tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, haina uhai. Ukizungusha ufunguo inatoa tek-tek-tek tu. Betri mpya! Namwita, anakuja, anabusti, anaondoka. Wiki nyengine vile vile. Siku moja nikamuuliza kwa adabu kabisa, betri mpya inakufaje kila mwisho wa wiki? Hakunijibu mimi. Alimgeukia mwanangu, kijana wa sekondari aliyekuwa amesimama pembeni, akamwambia, "Mwambie mama asilaze redio inalia." Redio ambayo haijasema neno tangu alipochomoa waya. Nilimeza mate nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa.

Kutoka hapo niliamua kubusti mwenyewe kwa gari ya jirani, na kaka yangu, mtu wa injini za boti Malindi, akanisimamia mara ya kwanza. Ndipo nilipofahamu jinsi yule bwana alivyokuwa akicheza na macho yangu.

"Dada, kwanza vua bangili," aliniambia. Nikavua zote. Bangili ikigusa chanya na chuma cha gari kwa wakati mmoja inakuwa waya, na itakuunguza mkono kabla hujaitoa. Gari mbili zisigusane, zote zimezimwa. Nyekundu inaanzia kwenye chanya ya betri iliyokufa, halafu ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi inaanzia kwenye hasi ya betri nzima. Ile ncha ya nne, ya mwisho, ndiyo yenye maneno: haiendi kwenye betri iliyokufa. Inabanwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, boliti nene au ndoana ya kunyanyulia injini, mbali na betri, mbali na feni na mikanda.

Sababu yake ni cheche. Kibanio cha mwisho ndicho kinachofunga mzunguko, na hapo cheche ni lazima, kubwa au ndogo. Betri hii ya maji makali inapochajiwa inatoa hidrojeni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inajikusanya pale pale juu ya vifuniko. Cheche ikitokea juu yake betri inaweza kupasuka ikakumwagia tindikali usoni. Cheche ikitokea kwenye boliti ya injini, mbali kidogo, inapotea tu. Sasa mfikirie yule bwana na sigara yake, kichwa kakiinamisha juu ya betri.

Ukishafunga, washa gari nzima, iache iungurume dakika tano hivi ili betri iliyokufa ipate kitu kidogo, ndipo ujaribu yako. Ikiwaka, unafungua kinyumenyume: nyeusi ya kwenye injini kwanza, nyeusi ya betri nzima, nyekundu ya betri nzima, nyekundu ya kwako mwisho. Vibanio visigusane hata kidogo. Na ukikosea rangi, chanya ukaiweka kwenye hasi, hapo omba iungue fyuzi kubwa peke yake, maana daiodi za altaneta na kompyuta ya gari nazo huwa zimo hatarini. Ndiyo maana kaka alisafisha vichwa kwa maji moto mpaka alama ya + ikaonekana. Huku kwetu chumvi ya bahari inavila vichwa vya betri mpaka vinaota unga wa kijani, na rangi ya kifuniko huwezi kuitegemea.

Gari ikawaka vizuri. Jumatatu iliyofuata ikafa tena. Kaka akasema mimi sasa nimehitimu kubusti lakini gari bado mgonjwa, niipeleke kwa mtu mwenye mita.

Nikampata fundi umeme mmoja Mwanakwerekwe, mtu mzima, mpole, haongei sana. Kitu cha kwanza hakugusa betri. Gari ilikuwa imelala kwake usiku kucha, injini baridi kama maji ya mtungi. Akaweka kiganja juu ya altaneta, akaniita. "Mwalimu, hebu gusa hapa." Nikagusa. Ilikuwa na uvuguvugu. Kila kitu ndani ya boneti kimepoa isipokuwa ile. Akasema, kitu kinachopata moto na gari imelala, kinakula umeme wa mtu.

Kisha akathibitisha. Akafungua hasi ya betri, akaunganisha mita katikati ya waya na betri, akafunga milango, tukangoja karibu nusu saa mpaka vikompyuta vya gari navyo vilale. Gari nzima ikilala inakula kidogo sana, chini ya ampea 0.05, kwa saa na kumbukumbu zake. Yangu ilisoma 0.9. Akachomoa fyuzi moja moja, na baada ya kila moja akitazama mita. Namba haikusogea. Akatoa mita, na hasi ya betri ikiwa bado wazi akafungua ule waya mnene wa nyuma ya altaneta, akaufunga kwa mpira usiguse chuma, akarudisha mita. 0.03. Mwizi kapatikana.

Ndani ya altaneta mna daiodi, vilango vya umeme vinavyoruhusu njia moja tu, kutoka altaneta kwenda kwenye betri. Kimoja kikiungua kikabaki wazi, mchana altaneta inachaji kwa kuchechemea na usiku umeme unarudi kinyume. Hesabu alinifanyia kwenye kipande cha boksi. Betri yangu ni ya ampea-saa 45, yaani inatosha kutoa ampea moja kwa saa 45. Ikivuja 0.9, usiku mmoja wa saa 12 inapoteza kama 11, bado stata inazunguka. Kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni saa 60, yaani inapoteza 54, zaidi ya ilichonacho. Ndiyo maana siku za kazi nilipona. Akapima na chaji pia, injini inawaka na taa zimewashwa: volti 13.1, na altaneta yenye afya ingekuwa 14 au karibu yake.

Nikamuuliza, daiodi inaunguaje? Akasema uzee, joto, waya kubanwa kinyume, au mtu kuchomoa betri injini ikiwa inaunguruma. Betri ndiyo inayoumeza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu sana kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, na zinapata cha kuchoma. Gari za kale hazikuwa na vingi vya kuungua, ndiyo mafundi wengi wamebaki na mtindo ule. Je, ni yule wa pikipiki? "Siwezi kuapa," alinijibu. Yeye hawezi. Mimi naijua redio yangu ilinyamaza saa ngapi.

Akabadilisha sahani ya daiodi peke yake, altaneta ikabaki ile ile, na gari sasa inalala wiki nzima likizo na kuwaka.

Sasa kuhusu duka. Nilipeleka ile betri wanibadilishie kwa waranti, wakakataa, wakasema imeachwa ikakauka chaji mara nyingi. Nilirudi nyumbani nikaandika maneno mabaya sana. Baadaye nikayafuta, kwa sababu ni kweli: betri ya kuwashia gari kila inapomalizwa kabisa sahani zake zinaota ganda gumu, na uwezo wake haurudi wote. Betri ilikuwa nzima, ilivumilia dhuluma isiyo yake, na mpaka leo inafanya kazi. Nikatoa nyota tatu kwa ajili yake, na ya nne nilikuwa nafikiria kwa ukarimu wa mwenye duka.

Lakini juzi nilipita pale kununua maji ya betri. Gari ya mtu, Noah nyeupe inayong'aa, mwenyewe kijana wa watu amesimama kando na simu yake, na yule bwana kainama, spana mkononi, injini inaunguruma, anamwambia, "Ngoja nikuoneshe kama altaneta yako nzima." Nikampigia kijana kelele azime gari. Fundi akaniuliza, bi mkubwa, hii gari yako?

Nyota moja. Na hiyo ya betri.