Mlango, ngalawa na ukuta: uzoefu wangu wa kuchagua neno la uchoraji kwenye Stable Diffusion

Nimekuwa nikiitumia Stable Diffusion 1.5 kwa kazi za kadi na mabango ya nyumba ya wageni moja Mji Mkongwe, Unguja. Ni programu ya bure ya kutengeneza picha kwa akili bandia, inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na mimi hutumia zaidi kile kichupo cha `img2img`: unaipa picha uliyopiga, unaandika maneno, nayo inaichora upya kwa mtindo uliouandika. Wengi huisifu au kuiponda kwa picha inazobuni kutoka hewani. Mimi nitasema juu ya jambo moja tu, lile lililoamua kama kazi yangu itapokelewa au la: neno gani la uchoraji uliandikie kitu gani.

Maneno yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha iliyofundishiwa sehemu kubwa ya maandishi yake. Kwa hiyo rangi za maji ni `watercolor`, chapa ya mbao ni `woodcut`, na rangi nzito ya mafuta iliyorundikwa kwa brashi au kisu ni `impasto`. Kuyajua hayo ni dakika tano. Kazi iko kwenye kuoanisha, na kuoanisha kwenyewe kunategemea kitu ulichopiga kimeshikwa na nini: mistari, mwanga, au ngozi ya juu.

Nianze na mlango, maana ndio ulionichukua muda. Mlango wa Kizanzibari wa msaji, mbao zake mbili zimekutana kwenye mfaa uliochongwa maua, fremu imezungukwa na mnyororo, na misumari ya shaba imejitokeza kwa safu. Mtu akitazama mlango ule anaona mistari na vivuli vilivyokaa ndani ya nakshi. Rangi ya mbao haina kazi kubwa. Kitu cha namna hii kinadai chapa ya mbao, kwa sababu fundi wa chapa naye huchonga: anachokitoa kwenye ubao hubaki cheupe, anachokiacha hushika wino. Niliwahi kumwekea mteja mlango huohuo kwa `watercolor` ili aone tofauti. Mashimo ya nakshi yaligeuka madoa ya samawati, maua ya mfaa yakayeyukia kwenye mnyororo, na yeye mwenyewe akauliza kama ni pazia.

Lakini `woodcut` kwa mlango wa mbao lina mtego. Ukiandika kwamba unataka chapa ya mbao ya mlango wa mbao uliochongwa, programu inapata habari ya mbao mara mbili, na haijui ipi ni ya kifaa na ipi ni ya kitu. Unapata kibao cha kahawia kilichochongwa mlango, kama vile vinyago vya ukutani vinavyouzwa kwa watalii. Dawa yake ni kuiondoa mbao kwenye maelezo ya mlango na kutaja kile kinachobaki kazi ikishachapwa, yaani wino na karatasi:

```
woodcut print, black ink on cream paper, bold tapering lines,
double door with floral carving and round brass studs
```

Kuna na kisanduku cha `Negative prompt`, cha mambo usiyoyataka. Humo niliandika `photo, gradient, brown`. Usijaribu kukataza ndani ya maelezo ya kawaida kwa kuandika `no gradient`; mara nyingi programu hulishika lile neno `gradient` na kulipuuza `no`.

Picha yenyewe nayo huandaliwa kabla. `img2img` haianzi na karatasi tupu. Huchukua picha yako, huimwagia chengachenga kama za televisheni isiyo na antena, halafu huzisafisha hatua kwa hatua huku ikiyasikiliza maneno yako. Kiasi cha chengachenga ndicho kinachopimwa na `Denoising strength`, kuanzia 0 hadi 1. Mpangilio mkubwa wa giza na mwanga wa picha ya awali hupenya na kubaki, na rangi pia. Ndiyo maana picha ya rangi ya mlango wa kahawia, ukiitaka iwe chapa kwa kiwango cha chini, inatoka kahawia iliyochorwachorwa mistari. Mimi huigeuza kwanza kuwa nyeusi na nyeupe, kisha napandisha utofauti mpaka vivuli vya nakshi viwe vyeusi kabisa na kingo ziwe nyeupe. Hapo nusu ya safari ya chapa imeshakwenda kabla sijaandika neno lolote.

Kwa kiwango cha 0.35 nilipata picha ileile iliyopauka. Kwa 0.75 nilipata mlango mzuri, ila si huo. Maua yalibadilika na safu za misumari hazikuhesabika. Kwenye 0.5 na kidogo juu yake ndipo nakshi ilipobaki ya mwenye nyumba na mistari ikawa ya mchapaji. Jua pia kwamba ukiweka hatua 30 kwa kiwango cha 0.5, zinazofanyika kweli ni 15 hivi, kwa hiyo picha ikionekana haijaiva ongeza hatua kabla ya kuongeza kiwango.

Utajuaje kama imekuwa chapa kweli? Tazama sehemu ya kijivu. Chapa ya wino mmoja haina kijivu. Giza la katikati hutengenezwa kwa mistari inayonenepa na kukonda, na jicho ndilo linaloichanganya. Ukiona kivuli laini kinachofifia polepole pembeni mwa msumari, hiyo bado ni picha ya kamera iliyovaa nguo ya chapa.

Na neno lenyewe lina ndugu zake. `woodcut` ni ubao uliochongwa kwa kisu kufuata nyuzi za mti, kwa hiyo mistari yake ni minene na ina ukali. `wood engraving` huchongwa kwenye upande uliokatwa kukingama nyuzi, kwa ncha ya chuma, na ndiyo huruhusu mistari myembamba kama unywele. Mlango mzima wenye misumari mingi ulikaa vizuri zaidi na hilo la pili. Ua moja tu la mfaa, lililokatwa likajaza fremu, lilipendeza kwa `linocut`, ambayo ni laini na ina maumbo mapana. Kipimo changu ni udogo wa kitu: kadiri nakshi inavyokuwa ndogo ndani ya picha, ndivyo neno linavyopaswa kuwa la mstari mwembamba.

Jambo moja si la mtindo, ila lazima niliseme. Kwenye kizingiti cha juu cha milango mingi kuna maandishi ya Kiarabu, mara nyingi aya ya Kurani. Programu hii haisomi. Inaona michirizi na kuichora upya kuwa michirizi mingine inayofanana na herufi. Kwa mbali huwezi kujua. Anayesoma Kiarabu atajua mara moja, na hatafurahi. Kata picha chini ya kizingiti, au tumia `Inpaint`, ifunike sehemu hiyo na uchague `Inpaint not masked` ili isiguswe. Usichapishe kadi kabla hujamwonesha mtu anayesoma.

Ngalawa lilikuwa jambo jepesi. Nilikuwa na picha ya alfajiri, maji yamekupwa, chombo kimelala juu ya mchanga uliolowa, na mbingu na bahari havina mpaka. Kitu hiki kimeshikwa na mwanga, na mistari yake ni michache. Rangi za maji zinakifaa kwa sababu weupe wake ni karatasi iliyoachwa, na mwanga hupita kwenye rangi ukagonga karatasi na kurudi. Niliandika hivi:

```
watercolor, wet-on-wet wash, soft edges, bare white paper,
outrigger canoe on wet sand at low tide, pale morning sky
```

Maneno mawili yalibeba kazi. `wet-on-wet` ni rangi kuwekwa juu ya karatasi iliyolowa ikajitawanya, na hilo ndilo lililofuta mstari wa upeo wa macho. `bare white paper` ndilo lililoizuia programu kuipaka kila sehemu. Hata hivyo karatasi tupu haitatokea mahali ambapo picha yako ni ya kijivu, kwa hiyo ng'arisha mbingu kwanza. Ukiandika `watercolor` peke yake, mara kwa mara utaletewa matone yaliyorushwa na kingo za karatasi zilizochanika, kama bango la studio ya harusi. Yapeleke `splatter, torn edges` kwenye kisanduku cha kukataza.

Kilichosumbua ni matengo ya ngalawa, zile mbao za pembeni na miti yake. Programu huisonga picha ikawa ndogo mara 8 kwa kila upande kabla ya kuifanyia kazi, kwa hiyo picha ya vitone 512 hufanyiwa kazi ikiwa na 64. Mti mwembamba unaochukua vitone vitatu vinne hauna pa kukaa. Chombo kilitoka na tengo moja, na mvuvi wa Nungwi hawezi kuikubali ngalawa hiyo. Nilikata picha karibu zaidi, chombo kikajaza theluthi mbili za fremu, na tengo la pili likarudi.

Ukuta wa chokaa unaobanduka ndio nilioupa `impasto`, pamoja na `palette knife, raking light`. Hapo uzuri wote ni ngozi: tabaka limebanduka, jiwe la matumbawe linachungulia. Kwa kuwa hakuna umbo la kupoteza, niliruhusu kiwango kipande hadi 0.7. Mwanga wa picha uwe wa ubavuni, asubuhi au jioni, la sivyo matuta ya rangi yatakuwa na kivuli upande mmoja na ukuta upande mwingine. Sura za wazee sizipeleki huko tena. Kila kunyanzi hugeuka bonge.

Upungufu mkubwa unakuja kwenye uchapaji. Vitone 512 kwa ubora wa 300 kwa inchi ni sentimita 4.3 tu, na kadi ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takribani 1,181 kwa 1,772. Ukiikuza picha ya `impasto`, matuta hulainika na kuwa kama plastiki, na kwenye kadi ndogo huonekana uchafu tu. Ya rangi za maji huvumilia, maana tayari ni laini. Chapa ya mbao ndiyo inayoshinda: ikiwa nyeusi na nyeupe tupu, ifungue kwenye programu ya kuchora ya Inkscape, nenda `Path > Trace Bitmap`, na mistari inakuwa maumbo yanayokuzika kwa ukubwa wowote. Mlango wangu ulitoka kwenye kadi na ukaenda hadi bango la mapokezi bila kufanyiwa kazi upya. Ukuta nimeuacha kwenye tovuti ya nyumba ya wageni, kwa kioo cha simu tu.