Neutrofili au eosinofili: ipi imepanda?

Chembe nyeupe hizi mbili hutokana na seli shina za uboho, lakini kazi zao ni tofauti. Neutrofili humeza bakteria. Eosinofili hukabili minyoo: haiwezi kuimeza, hivyo huigandama na kuimwagia sumu ya chembechembe zake.

Chukua watoto wawili mjini Kigoma, wote wana homa. Wa kwanza ana chembe nyeupe 16,000 kwa maikrolita ya damu, na NEUT, yaani sehemu ya neutrofili, ni 82%: neutrofili 13,120. Darubini ikionyesha pia neutrofili changa nyingi, zenye kiini kisichogawanyika, basi uboho unazitoa kabla hazijakomaa. Shuku bakteria.

Wa pili, anayeoga ziwani, ana 9,000 tu. Jumla hiyo hudanganya, maana EOS ni 22%, yaani 1,980, wakati kawaida haizidi 500. Malaria peke yake haileti hali hii. Pima choo utafute mayai ya kichocho na minyoo. Mzio nao hupandisha eosinofili.

Uliza kwanza kama ametumia prednisoloni: dawa hiyo hushusha eosinofili na kupandisha neutrofili, na majibu yakafanana na ya mtoto wa kwanza.