Hita ya maji ya moto, ya wazi au ya kufunga? Angalieni valvu kwanza jamani

Nimechoka kuulizwa hita gani inakula umeme kidogo, lita ngapi, rangi gani, hayo muuzaji atakwambia mwenyewe. Mimi nauliza kimoja tu: maji yakishapata moto yanatanuka, sasa yale ya ziada yanaenda wapi?

Nilijifunza kwa hasara, hapa kwangu Isamilo, Mwanza. Nilinunua hita ya kufunga, yaani ile ambayo maji yake yako kwenye presha bila tundu la hewa, ya lita 80, ya bei ya kati, nikaunganisha na pampu. Ikawa kila ikipasha moto inadondosha maji, tone tone, kwenye kile kivalvu cha chini, nikamwita fundi, nae akacheka, "Dada hiyo imeharibika, ngoja niizibe," akapiga plagi. Kukawa kavu kweli, nikamlipa na soda juu. Ila kuanzia hapo nikifungua bomba asubuhi linapiga teke, maji yanaruka mpaka ukutani halafu yanatulia. Sikujali. Baada ya miezi kama minane ikaanza kuvuja kutu kwenye maungio ya tangi, ikafa hivyo.

Lile teke ndio lilikuwa dalili. Maji lita 80 ukiyatoa nyuzi 24 ukayafikisha 60 yanaongezeka zaidi ya lita moja, na hita ya kufunga ina nonritani, valvu ya njia moja inayozuia yasirudi kwenye bomba la kuingilia, kwahiyo yanatafuta pa kutokea kwenye ile valvu. Tone lile ni kazi yake sio ugonjwa! Kama linakukera funga kitangi cha presha chenye mpira ndani kwenye bomba la maji baridi, baada ya nonritani, kile ndio kinameza ile lita. Usizibe.

Ya wazi haina shida hiyo. Inalishwa na simtanki kwa mteremko tu, bomba lake la kupumulia liko wazi juu, maji yakitanuka yanapanda yanashuka yenyewe. Hata themostati ikigoma, huku Mwanza tuko kama mita 1,134 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, mvuke unatoka juu na basi. Ndio maana haihitaji valvu nyingi, bomba lenyewe ndio usalama wake, na ndio maana ukiweka koki kwenye bomba hilo umetengeneza bomu. Lipandishe kama futi moja juu ya usawa wa maji ya simtanki kama hita iko mita tatu chini. Ila hata hiyo themostati iwe na kikatio cha pili, kinachokata umeme joto likizidi, kwa sababu Uingereza mwaka 2006 themostati ilikwama, maji yanayochemka yakamwagikia tangi la plastiki la juu, likalainika likaanguka, mtoto mchanga akafa.

Ya kufunga ikichemka ni habari nyingine kabisa. Presha inaruhusu maji yafike nyuzi 150 yakiwa bado maji, tangi likipasuka karibu moja ya kumi inageuka mvuke papo hapo, kwa lita 80 ni zaidi ya lita elfu kumi za mvuke bafuni kwako. Kwahiyo inatakiwa vizuizi vitatu, themostati kwenye 60, kikatio kwenye 80 na kitu ambacho hakijirudishi chenyewe mpaka ubonyeze kwa mkono, halafu valvu ya joto na presha inayofunguka kabla haijafika 100. Nyingi tunazouziwa zina ile ya presha tu! Bomba la kutolea maji ya valvu hiyo litelemke moja kwa moja mpaka nje unapoliona, lisiwe na koki popote.

Sasa chaguo langu. Namba moja, kama una mnara wa simtanki na huna pampu, sola ya wazi ya vioo, ile yenye tundu la hewa juu, ila usithubutu kuiunganisha na pampu, itapasuka. Namba mbili, kama una pampu, Ariston lita 50, na sifichi kwamba naipendelea, yangu ya sasa ilikuja na valvu yake ndani ya boksi na kikatio, na inadondosha vizuri tu kwenye kopo la rangi, asubuhi nalimwagia maua. Namba tatu ile ya kichwa cha shawa, sawa kwa mpangaji, funga waya wa asi na usiniulize zaidi.

Kinachoniuma ni wauzaji wa mjini. Juzi nimefungua boksi dukani, valvu hamna, nauliza naambiwa "hiyo inauzwa pembeni mama". Pembeni! Imetoka kiwandani ndani ya boksi, nikaiona kwenye kabati la kioo mbele yangu, imetundikwa pamoja na makoki, ina bei yake.