Eti "mwangalieni mbwa kwanza"

Zahanati moja hapa Tabora siipi hata nyota moja. Mtoto wa jirani kang'atwa kiganjani na mbwa asiyechokozwa, damu inachuruzika, na dada wa dirishani hainui hata macho: "Mama, mbwa si yupo? Mwangalieni siku kumi, akifa mrudi."

Akifa mrudi!

Siku kumi zipo kweli. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaanza kuugua, kwa hiyo akifika siku ya kumi mzima, mate aliyong'atia yalikuwa salama. Lakini siku hizo ni za kuamua kuacha sindano za chanjo, si kuzianza. Ya kwanza huchomwa siku hiyohiyo. Mbwa akibaki mzima, zilizobaki zinaachwa; akifa, akitoroka au akiuawa, zinaendelea. (Akiuawa msimponde kichwa, ubongo ndio unaopimwa. Mwiteni mtu wa mifugo, msimguse kwa mikono mitupu.) Kusubiri kunafikirika kama mbwa amefungwa, mzima, na kadi yake inaonyesha chanjo haijapitwa na wakati. Mwenye mbwa huyu anasema "nadhani alichanjwa mwaka juzi". Kadi hana.

Halafu kidonda! Kupangusa kwa pamba ya spiriti, basi, na mwenzake anaulizia uzi wa kushona. Kidonda hicho huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, siyo kwa kukisia. Bomba likikosekana mmoja anamimina kwa kata, mwingine anasugua taratibu hadi maji yaingie kwenye matundu ya meno. Sabuni inaharibu utando wa mafuta unaovifunika virusi. Baada ya hapo ndipo iodini. Ukishona mapema unavisukuma ndani, na kiganja kimejaa mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo njia yao ya kwenda kwenye ubongo.

Mbwa akilamba ngozi isiyo na mchubuko, oga ukalale. Mkwaruzo usiotoa damu unataka chanjo. Meno yakitoboa ngozi, chanjo pamoja na imunoglobulini, yaani kinga iliyokwisha tengenezwa, inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe.

Nirudishe nyota kidogo, maana yule tabibu wa zamu ya jioni alitoka mwenyewe. Akaosha upya, akamchoma mtoto, akaandika kwenye daftari siku ya 3 na ya 7. Imunoglobulini hawakuwa nayo. Akasema chanjo haiisubiri, ila ikipatikana ndani ya siku saba tangu sindano ya kwanza bado inachomwa, na akaanza kupiga simu hospitali kubwa kuiulizia. Kwa hiyo nyota tatu, zote zake.

Leo siku ya sita. Mbwa anakula, anakunywa, mnyororo upo. Kesho tunarudi kwa sindano ya tatu, na pale dirishani sisimami.