Dipoziti ya hoteli na ya gari la kukodi: moja imerudi kamili, nyingine imerudi pungufu

Kadi yangu ni ya debiti, akaunti yake ni ya dola, na safari hii hoteli na kampuni ya magari zote zilikuwa zinatoza kwa yuro. Wote wawili walitaka dipoziti kwenye kadi na wote walisema maneno yaleyale, usijali hela yako itarudi yote. Hoteli ilirudi yote mpaka senti. Ya gari ikarudi pungufu kama dola 42, na hakuna aliyenikata kwa uharibifu wala mafuta wala nini, gari nilirudisha safi na karatasi wakasaini.

Naanza na hoteli kwa sababu ndiyo inaonyesha inavyotakiwa iwe. Mapokezi walishikilia yuro 250. Siku ile yuro moja ilikuwa dola 1.10, na benki yangu inaongeza asilimia 3 kwa muamala wowote wa fedha za kigeni, kwa hiyo salio langu la kutumia lilipungua dola 283.25. Kwenye apu ikakaa kwenye `Pending`, na pale ikabaki. Hapo hela haijaenda popote, hoteli haijapokea kitu, ni benki yangu tu imeweka uzio kwenye akaunti yangu mwenyewe na kusema hizi usiziguse. Nilipoondoka sikuwa nadaiwa, wakatuma ujumbe wa kuachia, uzio ukaondolewa. Wakati huo yuro ilishashuka mpaka 1.08 lakini mimi nilirudishiwa dola 283.25 zilezile, maana hakuna kilichobadilishwa kutoka fedha moja kwenda nyingine, ile hesabu ya dola ilikuwa ni makadirio tu ya benki kujua izuie kiasi gani.

Ndiyo maana mtu akiniuliza eti dipoziti ikiachiwa wanatumia reti ya siku gani, namjibu kwamba kwa kadi ya kawaida ya benki hakuna reti. Kama kweli ilikuwa ni kushikilia tu, kinachoondoka ni kilekile kilichowekwa. Ukiona imerudi pungufu au hata imezidi, basi kuna kitu kingine kilifanyika hapo katikati, na ndicho kilichonikuta kwenye gari.

Dipoziti ya gari ilikuwa yuro 800. Reti ileile 1.10, ongeza ile asilimia 3, jumla dola 906.40. Ila hii haikukaa kwenye `Pending`, baada ya muda mfupi ikahamia `Posted`, yaani hela imetoka kabisa imekwenda kwao. Nikaangalia risiti niliyopewa pale kaunta, juu imeandikwa `SALE` wakati ile ya hoteli ilikuwa imeandikwa `PRE-AUTH`. Kumbe hawa kadi za debiti hawazishikilii, wanatoza kabisa kama umenunua kitu halafu ukirudisha gari wanakurudishia. Na kwenye mkataba imo, kwa maandishi madogo, kwamba kadi ya debiti dipoziti "itatozwa na kurejeshwa", sasa nani atatofautisha hayo na kushikiliwa saa umebeba mabegi na nyuma kuna foleni.

Nikarudisha gari, wakarejesha yuro 800, kweli kabisa 800 kamili, siwasingizii. Lakini marejesho ni muamala mpya unaojitegemea na benki yangu ikaubadilisha kwa reti ya siku ulipoingia, 1.08, nikapata dola 864. Nilitoa 906.40 nimepokea 864, tofauti 42.40. Ukiipasua hiyo, dola 26.40 ni ile asilimia 3 niliyokatwa wakati wa kutozwa na benki haiirudishi, na dola 16 ndiyo kushuka kwa yuro. Watu wengi wanalalamikia reti kumbe sehemu kubwa ni hiyo asilimia, ambayo ungeipoteza hata reti isingetikisika. Ili nirudi palepale yuro ingebidi ipande ifike 1.133. Na kuna benki zinakata tena hiyo asilimia kwenye marejesho, hapo unaumia mara mbili, yangu angalau haikufanya hivyo.

Nilipiga simu kote kuwili. Kampuni ya gari: tumekurudishia 800, kwetu imeisha. Benki: sisi tumebadilisha kwa reti ya siku, kwetu imeisha. Na kusema ukweli wote wako sahihi kwa upande wao, hakuna sheria ya mtandao wa kadi inayolazimisha marejesho yatumie reti ya siku ya kutozwa, kwa hiyo hiyo 42 sikuipata. Kitu kimoja cha maana alichoniambia dada wa benki ni kuhusu `ARN`, namba ya tarakimu 23 inayoandamana na muamala uliokwishalipwa au marejesho. Waombe waliokutoza. Wakikupa `ARN` ya ile dipoziti ujue ilitozwa kweli, kitu kilichoshikiliwa tu hakina namba hiyo, kina ule msimbo mfupi wa idhini wa herufi au tarakimu sita ulio kwenye risiti. Msimbo huo utunze maana hela ikigoma kuachiwa ndio benki itautumia kuitafuta.

Ningeokoka vipi? Palepale kaunta. Ukiona `SALE` waambie waifute kwa `VOID` kabla mashine haijafunga hesabu ya siku, hapo inafutika kabla haijalipwa na hakuna cha kubadilisha. Ikishafungwa kilichobaki ni `REFUND` tu na hiyo ndiyo yenye hasara. Baadhi watakuambia kwa debiti mfumo hauwaruhusu, basi hapo ni kutoa kadi ya krediti kama unayo au kuamua kama hiyo tofauti unaimeza.

Nyingine, kama hoteli itakata sehemu ya dipoziti, tuseme yuro 60 za chakula, usitegemee reti ya siku ya kushikilia. Hiyo 60 inapigwa kwa reti ya siku inayolipwa. Na wakiikata kama muamala mpya badala ya kuikamilisha juu ya msimbo uleule wa idhini, utaona vyote viwili kwenye apu, 60 imetoka na 250 bado imezuiwa, mpaka hoteli itume ujumbe wa kuachia au muda uishe. Kwa hoteli na magari muda wenyewe unaweza kufika siku 30, japo benki nyingi zinaachia mapema zaidi.

Kadi za apu zenye pochi za fedha nyingi ni habari nyingine, baadhi zinabadilisha hela hapohapo inaposhikiliwa, kwa hiyo hata kuachiwa kunaweza kuwa na reti yake, soma masharti ya yako.

Hoteli nawapa tano kwa tano. Kampuni ya gari mbili, gari lilikuwa zuri na hawakudanganya, ila yule wa kaunta alisema "tunashikilia tu" huku mkononi ana risiti ya `SALE`, hiyo siwezi kuipita. Benki tatu, asilimia 3 ni nyingi lakini simu wanapokea.