Namba ya bure ya +800: nimepiga siku nzima, nikaambiwa haipo duniani

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Mdogo wangu ni baharia. Melini ana simu ya setilaiti, ile ambayo namba yake inaanza na +8816. Juzijuzi laini yake ilifungwa, akaniomba kwa ujumbe nimpigie mtoa huduma wa laini hiyo, kwa sababu mimi ndiye niliyeinunua. Nikachukua kadi iliyokuja na simu. Nyuma yake pameandikwa namba moja tu ya msaada: +800, halafu tarakimu nane, na chini yake neno "bure".

Nikapiga kwa simu ya mkononi. Hata haikuita. Sauti ikasema papo hapo namba niliyopiga si sahihi. Nikarudia kwa 00800 badala ya alama ya kujumlisha, ikawa vilevile. Nikadhani nimeongeza sifuri, nikajaribu 0800 na tarakimu zilezile, ambalo ni kosa, kwa sababu 0800 ni namba ya bure ya ndani ya nchi na haihusiani kabisa na hii.

Basi nikawapigia huduma kwa wateja wa mtandao wangu. Baada ya muziki mrefu akapokea kijana. Nikamsomea namba.

"Dada, hiyo ni ya nchi gani?"

Nikamwambia haina nchi, ni ya kimataifa.

"Kila namba lazima iwe na nchi, dada. Hiyo umetapeliwa."

Nikamuuliza, na +8816 je, ya mdogo wangu? Akajibu bila kusita kwamba hiyo ni Bangladesh. Bangladesh ni +880! +881 imetengwa kwa mitandao ya simu za setilaiti, na 8816 ni ya Iridium. Mtu yuko katikati ya bahari, huyu ananiambia yuko Bangladesh, kisha anakata simu wakati bado naongea. Hapo ndipo nilipochemka kweli.

Na namba za +800 zipo. Zinagawiwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ili kampuni iwe na namba moja ya bure kwa wateja wa nchi nyingi. Tatizo ni kwamba kupewa namba hakuifungui. Kampuni inapaswa kukubaliana na mitandao ya kila nchi inayotaka wateja wake wapige bure, na kuilipa. Nchi ambayo haikulipiwa, namba haipiti. Hata pale inapopita, mara nyingi ni kwa simu ya mezani tu, kwa kuwa mitandao mingi ya mkononi haiwapitishi wapigaji kwenda huko. Ukisikia "si sahihi" kabla hata ya mlio mmoja, ujue mtandao wako haujui pa kuipeleka. Ikiita bila kupokelewa, hapo walau imefika.

Kwa hiyo nikaenda ofisini kwa rafiki yangu, kuna simu ya mezani. 00, kisha 800, kisha zile nane. Ikaita! Mlio wa pili akapokea mama mmoja mpole, akanitaka namba ya laini na tarehe ya kununua, akanisubiri nitafute risiti kwenye mkoba bila kunihimiza. Alipomaliza akasema nimwambie mdogo wangu aizime simu, aiwashe tena akiwa nje, mbingu ikiwa wazi juu yake. Jioni akapiga. Sauti yake ilichelewa kidogo, lakini alikuwa yeye.

Nilikuwa nimekusudia kuwaponda wote. Sasa sijui. Yule mama anastahili nyota zote, na namba yenyewe ilifanya kazi yake, bure kweli. Lakini kwa nini kadi isiandike kwamba simu ya mkononi huenda ikagoma? Kwa nini wasiweke na namba ya kawaida pembeni, yenye nchi, hata kama ni ya kulipia? Hapana, nyota siwapi. Mtu ambaye hana simu ya mezani karibu angebaki na ndugu aliyekatika mawasiliano, huku ameshika kadi iliyoandikwa "bure".

Na mtandao wangu ndio kabisa. Laini ilipofunguka nikampigia mdogo wangu kwenye +8816, salio langu lote likaisha kabla hatujamaliza kusalimiana, ingawa nilikuwa na kifurushi cha nje ya nchi. Nikapiga tena huduma kwa wateja. Safari hii aliyepokea alijua: simu za setilaiti hazimo kwenye kifurushi, kwa sababu si za nchi yoyote.

Kumbe wanajua.